Saa, mkanda wa kifua au mkanda wa mkono: kipi hudanganya lini kuhusu mapigo ya juu kabisa

Ukimaliza mbio za asubuhi kutoka mjini hadi Raskazone na kurudi, ukafungua simu na kukuta Max HR, yaani mapigo ya juu kabisa, ni 197, namba hiyo inaweza kuwa moyo wako kweli. Inaweza pia kuwa hatua za miguu yako zilizohesabiwa kama mapigo, au umeme mdogo uliotoka kwenye fulana yako. Zote tatu huandikwa kwa rangi ileile, na kifaa hakikwambii ni ipi. Kibaya zaidi, saa nyingi huichukua namba hiyo kuwa ndiyo kikomo kipya cha moyo wako, kisha huvipanga upya viwango vyote vya mazoezi kuanzia hapo.

Katika klabu zetu za jogging hapa Tanga vifaa vinavyoonekana sana ni vitatu: saa yenye taa nyuma yake, mkanda unaofungwa kifuani, na mkanda mdogo unaofungwa mkononi karibu na kiwiko. Watu huulizana kipi ni bora. Kila kimoja kina aina yake ya uongo na wakati wake wa kusema uongo, na ukishaujua, hata kifaa ulichonacho tayari kinaweza kukutosha.

Tunavipima kwa vigezo gani

Nitakiuliza kila kifaa maswali yaleyale: kosa lake linatoka wapi, linaonekanaje kwenye mchoro wa mapigo, linapunguzwaje, na kinamfaa nani. Bei nitaigusa pale tu inapobadilisha uamuzi.

Kabla ya hapo lazima tujue moyo wenye afya unavyoenda, maana huo ndio mzani. Ukianza kukimbia, mapigo hupanda haraka kwa nusu dakika ya kwanza, kisha hupunguza kasi ya kupanda na kutulia baada ya dakika moja au mbili. Ukishika mwendo mmoja, yataendelea kupanda kidogokidogo. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kupanda huku huwa kukubwa: mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, maji yanatoka kwa jasho, na mtu aliyeanza na mapigo 145 anaweza kumaliza saa nzima akiwa 158 kwa mwendo uleule. Huko ni kupanda kwa kweli, usikushuku. Ukisimama, mapigo hushuka kwa mteremko. Kwa mtu mzima mwenye afya hupungua zaidi ya 12 katika dakika ya kwanza, na kwa wenye mazoezi huwa 20, 30 au zaidi.

Ambacho moyo wenye afya haufanyi ni kuruka mapigo 30 ndani ya sekunde chache wakati miguu haijabadili mwendo, kukaa juu kama ubao kwa dakika kumi, kisha kuanguka 40 ndani ya sekunde kumi.

Saa ya mkononi

Saa haisikii moyo. Inamulika taa za kijani kwenye ngozi na kupima mwanga unaorudi. Kila pigo la moyo linapoleta damu kwenye mishipa midogo, mwanga unaorudi hupungua kidogo sana, pengine asilimia moja au mbili tu. Programu ya saa hutafuta mdundo katika mabadiliko hayo madogo.

Tatizo ni kwamba mguu unapotua chini, mtikisiko hupanda hadi kwenye mkono. Damu inasukwasukwa, saa inacheza kwenye ngozi, mwanga wa nje unapenya pembeni. Haya yote yana mdundo wake, na ni mdundo wa hatua. Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kati ya 150 na 180 kwa dakika, na hapo ndipo mapigo ya mtu anayekimbia kwa bidii yanapokaa. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo saa ina kihisi cha mwendo kinachoiambia programu: huu ni mdundo wa miguu, uondoe. Kazi hiyo hufanyika vizuri mara nyingi. Ishara ya damu ikiwa hafifu, au midundo miwili ikikaribiana mno, programu hushika mdundo wenye nguvu zaidi, nao ni wa hatua. Sisi klabuni tunasema saa imenasa hatua.

Kunasa huko kuna milango miwili. Wa kwanza ni mruko: moyo uko 143, hatua ni 172, na ghafla namba ya moyo inapaa hadi 171 na kubaki hapo. Huu ni rahisi kuuona. Wa pili ni wa kukutana, nao ndio unaowapita wengi. Unakimbia kwa nguvu, moyo unapanda wenyewe kihalali hadi unafika kwenye namba ya hatua, mistari miwili inagusana, na kuanzia hapo saa imeshika mstari wa miguu. Ukipunguza kasi kidogo moyo unashuka, lakini saa inaendelea kusema 172 kwa sababu hatua zako bado ni 172. Hakuna mruko wowote wa kukushtua. Kinachokuambia ni kwamba mwendo ulipungua na mapigo hayakupungua nao.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya utambuzi ni kuweka michoro miwili pamoja, wa mapigo na wa Cadence, yaani hatua kwa dakika. Programu nyingi za simu zinaruhusu kuipandanisha. Tazama kama mistari inatembea pamoja hata katika mambo madogo: ulipokwepa bodaboda, ulipopunguza hatua kwenye mchanga, ulipoingia kwenye lami. Moyo hauwezi kuiga miguu sekunde kwa sekunde, maana huchelewa. Ukiona unaiga, si moyo.

Angalia jambo moja hapa ambalo huwapoteza watu. Baadhi ya programu na mafaili mengi huandika hatua za mguu mmoja tu, kwa hiyo unaona 86 na kudhani haihusiani na 172. Zidisha kwa mbili kwanza. Ukiweza kuitoa rekodi ya kila sekunde kwenye lahajedwali, weka mapigo kwenye safu ya B na hatua za mguu mmoja kwenye safu ya C, kisha andika hivi kwenye safu ya D na uishushe chini:

```
=IF(ABS(B2-2*C2)<=3,1,0)
```

Mistari miwili ikipishana tu utapata 1 chache zilizotawanyika. Ukipata 1 mfululizo kwa safu sitini au zaidi, yaani dakika nzima, kipande hicho ni cha kuchunguzwa. Si hukumu bado, kwa sababu mtu anayekimbia kwa bidii kubwa anaweza kweli kuwa na moyo 172 na hatua 172. Hukumu hutoka kwenye mabadiliko: angalia kilichotokea mwendo ulipobadilika.

Ukiwa bado barabarani unaweza kuijaribu papo hapo. Shika kasi ileile, lakini fupisha hatua na kuziongeza kwa sekunde 20. Namba ya moyo ikipanda pamoja nazo papo hapo, saa imenasa. Kisha simama na uhesabu kwa vidole, jambo nitakalolirudia chini.

Kupunguza kosa la saa kunahitaji kuifunga vizuri. Iweke upana wa kidole kimoja au viwili juu ya mfupa wa kifundo, kuelekea kiwiko, na uikaze kabla ya kuanza kiasi kwamba ngozi inasogea pamoja nayo bila vidole kufa ganzi. Wengi huivaa ikiwa imelegea kwa sababu ya joto, na jasho la Tanga huifanya iteleze kila hatua. Futa kioo cha nyuma chenye mafuta ya kujipaka. Kwenye mpangilio chagua kurekodi kila sekunde badala ya ule mtindo wa kuokoa nafasi, maana huo huruka sekunde nyingi na kuficha umbo la mruko. Ukipanda Lushoto asubuhi ya Juni au Julai, tegemea makosa mengi zaidi dakika za mwanzo: baridi hubana mishipa ya mikononi na ishara ya damu hudhoofika. Jipashe moto kwanza.

Wapo wanaosema ngozi nyeusi ndiyo inayoiharibu saa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020 uliolinganisha rangi mbalimbali za ngozi haukuona tofauti kubwa ya usahihi kwa sababu ya rangi. Tofauti kubwa ilitokana na aina ya kifaa na kama mtu yuko katika mwendo au ametulia. Kwa hiyo ukiona namba za ajabu, anza na ukazaji wa saa.

Inamfaa nani? Anayekimbia kwa afya, anayetaka kuona mapigo ya kupumzika, wastani wa wiki, na mbio nyepesi. Kwa kazi hiyo inatosha kabisa, kwa sharti moja: usiiache ijipangie kikomo cha moyo. Saa nyingi zina sehemu ya kuzima hilo. Kwenye Garmin, kwa mfano, hupatikana chini ya jina Auto Detection. Izime, na uandike kikomo kwa mkono ukishakithibitisha.

Na waendesha baiskeli, ambao mji huu unao wengi? Kwao kunasa mdundo wa miguu ni nadra, kwa sababu pedali huzunguka 80 au 90 kwa dakika na mkono haudundi. Tatizo lao ni kukunja kifundo na kubana usukani, pamoja na mashimo ya barabara, ambavyo huvurugavuruga ishara bila mpangilio. Mara nyingi saa husema chini kuliko ukweli.

Mkanda wa kifua

Huu husikia umeme wenyewe wa moyo kupitia pedi mbili zinazogusa ngozi. Kila pigo lina ncha moja kali ya umeme, na mkanda hupima muda kati ya ncha moja na nyingine. Hauhusiki na mwanga wala na hatua, kwa hiyo haunasi. Ndiyo maana ukitaka kujua kikomo cha moyo, mkanda ndio unaopewa neno la kwanza. Lakini nao una miruko yake, na kwa sababu watu wanauamini, miruko hiyo hupita bila kuulizwa.

Kosa lake la kawaida hutokea mwanzoni, dakika tano au kumi za kwanza. Pedi kavu hazipitishi umeme vizuri, na fulana ya poliesta inayopepea kwenye upepo wa kusi hujisugua na mkanda na kutengeneza umeme tuli. Mkanda huuhesabu kama mapigo ya ziada. Matokeo ni namba za 210, 225, hata 240, tena wakati bado unajipasha moto. Jasho likishashika, mchoro hutulia ghafla, na kutulia huko ndiko kunakotoa siri: moyo wenye afya uliofika 225 hauwezi kuwa 132 sekunde chache baadaye ilhali unaendelea kukimbia vilevile.

Umbo lake ni tofauti na la saa. Saa iliyonasa huchora ubao ulionyooka. Mkanda wenye umeme tuli huchora meno ya msumeno, juu na chini, na mara nyingine huacha mapengo. Kuna aina ya pili: mkanda unahesabu wimbi dogo linalofuata ncha kali kana kwamba nalo ni pigo, na namba inakuwa karibu mara mbili ya kweli. Ukiona unatembea na unasoma 196, gawanya kwa mbili. Kama 98 inaeleweka kwa mtu anayetembea, umeshapata jibu.

Miruko ikitokea katikati au mwishoni, baada ya jasho kushika, tafuta sababu nyingine: mkanda umelegea, mpira umezeeka, pedi zimejaa chumvi ya jasho, au betri inakaribia kuisha. Betri ni kidonge kama CR2032, kutegemea aina, na kukibadilisha ni kazi ya dakika moja. Kabla ya kukimbia lowesha pedi kwa maji au paka jeli ileile inayotumika kwenye vipimo vya mawimbi ya sauti, vuta mkanda ukae chini kidogo ya misuli ya kifua, na uukaze kiasi kwamba hauteremki ukivuta pumzi ndefu. Ukirudi, bandua kidude cha katikati, kwa sababu pedi mbichi huendelea kukiwasha na kula betri, kisha suuza mkanda kwa maji baridi na uuanike kivulini.

Kuhusu usumbufu: hubana, na wenye ngozi laini huchubuka siku za joto. Kwa wanawake hukaa chini ya ukingo wa sidiria ya michezo, na wengine huona pedi zinashika vizuri zaidi hapo kwa sababu vazi linazikandamiza. Baharini haufai kama njia ya kupata kikomo. Maji ya chumvi hupitisha umeme na kuivuruga ishara, na Bluetooth haipiti majini.

Inamfaa anayefanya mazoezi ya kasi yenye vipindi vifupi, anayejiandaa kwa mashindano, na yeyote anayetaka kupata kikomo chake mara moja kisha arudi kwenye saa yake. Kwa huyu wa mwisho hata kuazima kwa mwenzako kunatosha.

Mkanda wa mkono

Huu nao hutumia mwanga kama saa, ila hukaa kwenye nyama ya chini ya kiwiko au kwenye msuli wa juu ya mkono. Mahali hapo pana nyama nyingi, hakuna mifupa na kano zinazosogea chini ya taa, na mkono wa juu husafiri umbali mfupi zaidi kuliko kifundo kila unaporusha mikono. Kwa hiyo kunasa hatua hupungua sana. Hakutoweki: ukiuacha ulegee, utanasa kama saa.

Kosa lake kubwa ni la upande mwingine. Huchelewa. Programu huchuja sekunde kadhaa kabla ya kutoa namba, kwa hiyo ukikimbia kasi kwa sekunde 30 na kupumzika, kilele cha kweli kinaweza kupita kabla haujakiona. Namba ya juu kabisa itaandikwa chini kuliko ukweli, au itatokea ukiwa umeshaanza kutembea. Kwenye vipindi vya dakika tatu na kuendelea, ucheleweshaji huo hauna madhara.

Ni rafiki wa mavazi. Hukaa chini ya mkono mrefu wa nguo bila kuonekana wala kubana kifua, na dada zetu wanaokimbia wakiwa wamejistiri wanaupenda kwa sababu hauhitaji kufunguafungua nguo ili uukaze. Giza chini ya mkono wa nguo hata linausaidia, maana mwanga wa jua hauingii pembeni. Huchajiwa badala ya kubadilishwa betri. Unawafaa waliochoshwa na saa inayonasa lakini hawavumilii mkanda wa kifua.

Namba 197 ilivyochunguzwa

Mwenzetu mmoja wa Chumbageni, umri miaka 38, alikimbia kilomita nane kwa mwendo wa kuongea, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na saa peke yake. Saa ilimwandikia Max HR 197 na kujipangia viwango upya. Wiki iliyofuata akaniuliza, “Kaka, mbona saa inaniambia mwendo wangu wa siku zote umekuwa mwepesi mno, niongeze?”

Tuliifungua rekodi. Dakika ya 10 na sekunde 50, moyo 143, hatua 172. Sekunde tano baadaye, 158. Sekunde tano nyingine, 171. Kasi ya kukimbia haikubadilika kabisa. Kuanzia hapo mapigo yalikaa kati ya 170 na 174, na hatua vilevile, kwa karibu dakika nane. Dakika ya 19 alisimama kusubiri magari yapite: namba ikaanguka kutoka 172 hadi 138 ndani ya sekunde sita. Alipoanza tena, ikarudi 172 ndani ya sekunde nane. Moyo hauchezi hivyo, lakini miguu iliyosimama na kuanza hucheza hivyo hasa. Mwishoni alikimbia kasi mita 150 za mwisho, hatua zikafika 196, na hapo ndipo 197 ilipozaliwa. Aliposimama ikawa 149 ndani ya sekunde kumi.

Watu wengi wangeitupa 197 kwa kutumia kanuni ya umri. 220 kutoa 38 ni 182. Kanuni ya pili, 208 kutoa 0.7 mara umri, inatoa 181. Lakini kanuni hizi ni wastani wa watu wengi, na mtu mmojammoja huweza kuwa mapigo 10 au zaidi juu au chini bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo 197 haikuwa muhali kwa mtu wa miaka 38. Kilichoihukumu ni umbo lake.

Jumapili iliyofuata alivaa vyote viwili, mkanda ukirekodi kwenye simu na saa ikirekodi kivyake. Njia ileile, mwendo uleule. Saa ikanasa tena kwenye 172, huku mkanda ukisema 144 hadi 150. Katika mbio za mwisho saa iliandika 195, mkanda 166.

Kisha akatafuta kikomo chake kweli, akiwa mzima na amelala vizuri. Alijipasha moto dakika 20, akakimbia vipindi vitatu vya dakika tatu kwa nguvu na kutembea dakika mbili katikati, na kwenye kipindi cha mwisho akatoa yote katika dakika ya mwisho. Mkanda ulisoma 181. Siku nyingine akarudia, 180. Kikomo kinachotokea mara mbili, kwenye mteremko unaopanda taratibu na kushuka taratibu, kinaaminika. Jaribio hili si la kila mtu: mwenye presha, kisukari, maumivu ya kifua, au aliyevuka 40 bila kuzoea mazoezi aonane na daktari kwanza.

Tofauti kwenye mazoezi yake ilikuwa hii. Kiwango chepesi cha asilimia 60 hadi 70 kwa kikomo cha 197 ni mapigo 118 hadi 138. Kwa 181 ni 109 hadi 127. Siku ambazo saa haikunasa, ilikuwa inamsukuma mapigo kumi juu ya mahali alipotakiwa kupumzisha miguu, ndiyo maana alikuwa anachoka siku ambazo alidhani ni za kupumzika. Alifuta kikomo cha 197, akaandika 181, akazima upangaji wa saa yenyewe. Saa ameendelea nayo.

Vidole kama mwamuzi

Hesabu kwenye shingo, upande mmoja tu na bila kukandamiza, au kwenye kifundo chini ya dole gumba. Anza mara tu unaposimama, hesabu sekunde 10, zidisha kwa sita. Pigo moja ukikosea ni mapigo sita kwenye jibu, na moyo unashuka wakati unahesabu, kwa hiyo njia hii haiwezi kukupa kikomo. Inaweza kukuambia kama uko 145 au 172, na mara nyingi hilo ndilo swali lenyewe.

Uchague kipi

Kama una saa tayari na unakimbia kwa afya, usinunue kitu. Kaza saa, zima upangaji wa kikomo, na uangalie mchoro wa hatua kila namba mpya ya juu inapotokea.

Kama saa yako inanasa kila wiki hata ukiikaza, na mazoezi yako ni marefu ya mwendo mmoja, mkanda wa mkono utakutoshea. Kama unafanya vipindi vya chini ya dakika moja, nenda kwenye mkanda wa kifua. Ukivumilia dakika za mwanzo na kuulowesha, hutajuta.

Kama unatumia dawa za presha za jamii ya atenolol au propranolol, kanuni za umri hazikuhusu, kwa sababu dawa hizo huzuia moyo kupanda. Kwako wewe kusoma 175 kwenye mbio nyepesi kunahitaji kuthibitishwa kwa vidole papo hapo. Muulize daktari akupe kikomo cha kufanyia mazoezi, na usikitafute kwa jaribio.

Na kama kifaa kinaruka hadi 190 au 200 ghafla huku wewe mwenyewe unausikia moyo ukienda mbio, kizunguzungu, kifua kubana, au pumzi kukatika kuliko kasi uliyokuwa nayo, usianze kutafuta kosa la kifaa. Kuna hitilafu za mdundo wa moyo ambazo huanza na kuisha ghafla, na kwenye mchoro hufanana kabisa na mruko wa uongo. Simama, kaa chini, hesabu kwa vidole. Mapigo yakiwa ya juu hivyohivyo kwenye vidole, au dalili zisipoisha, nenda hospitali, kwa wa Tanga mjini Bombo ipo karibu, na usiende peke yako. Hata yakitulia, onana na daktari siku za karibu. Mpelekee rekodi yenye saa na dakika ilipoanza, ulikuwa unafanya nini, ilichukua muda gani, na vidole vilihesabu ngapi. Mkanda wa kifua hauwezi kutambua ugonjwa, lakini maelezo hayo humsaidia daktari kuamua kama akuwekee ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, cha siku nzima.